Leja imelingana, michango haijatimia: kisa cha ukaguzi wa kiinua mgongo na pensheni

Kampuni ya usafirishaji yenye wafanyakazi 180 inafunga hesabu zake tarehe 31 Desemba 2023. Kwenye mizania kuna madeni mawili yanayowahusu wafanyakazi: michango ya pensheni ambayo bado haijalipwa, 33,600,000, na kiinua mgongo, 212,400,000. Mhasibu ameambatanisha ulinganisho wa kila deni na leja kuu, na yote mawili yanalingana hadi senti ya mwisho. Hata hivyo, deni la kwanza limeandikwa pungufu kwa zaidi ya milioni 14 na la pili kwa zaidi ya milioni 36.

Tarakimu za kisa hiki zimerahisishwa ili msomaji aweze kuzifuata kwa kikokotoo. Makosa yenyewe ni ya kawaida, na kwa kiasi kikubwa yanafuatana: moja likiwepo, tafuta na lingine.

Kanuni za mfuko wa pensheni zinasema hivi. Mwajiri anachangia asilimia 12 na mfanyakazi asilimia 8, jumla asilimia 20, ya mshahara wa msingi pamoja na posho zote za kudumu. Malipo ya muda wa ziada hayaingii. Mchango wa mwezi lazima umfikie mfuko kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 5 ya mchango kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Kiinua mgongo kinatoka kwenye mkataba wa kazi: siku 15 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, kwa mshahara wa msingi wa mwisho, siku moja ikiwa ni mshahara wa mwezi kugawanywa kwa 30. Anayeondoka kabla ya kutimiza miaka 3 halipwi.

Angalia kwamba misingi ni miwili. Pensheni inahesabu posho za kudumu, kiinua mgongo hakizihesabu. Mkaguzi asiyeandika jambo hili kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada lake la kazi atajikuta mchana wa siku ya tatu anabishana na mhasibu juu ya tofauti ambayo si tofauti.

Michango: anza na mwezi ambao uwiano unabadilika

Jaribio la kawaida ni kuchukua orodha ya mishahara, kuzidisha msingi wa michango kwa asilimia 20 na kulinganisha na leja. Hapa jaribio hilo linatoa jibu safi: msingi ni 84,000,000 kwa mwezi, mchango ni 16,800,000, mara miezi 12 ni 201,600,000, na leja inasema hivyohivyo. Tatizo ni kwamba safu ya msingi wa michango ndani ya orodha ya mishahara ndiyo iliyozaa ingizo la leja. Kulinganisha hayo mawili ni kumhoji shahidi yuleyule mara mbili.

Kinachofaa ni kulinganisha mchango na kitu ambacho mfumo wa mishahara haukukitumia kuukokotoa. Jumla ya mishahara ghafi inatosha kwa kuanzia. Weka miezi 12 kwenye mstari mmoja, gawanya mchango kwa mshahara ghafi, kisha tafuta mwezi unaoruka. Januari hadi Machi, mishahara ghafi ilikuwa karibu 90,000,000 na mchango 16,800,000, yaani asilimia 18.7. Kuanzia Aprili mishahara ghafi ilipanda hadi 95,760,000, lakini mchango haukusogea, na uwiano ukashuka hadi asilimia 17.5.

Kushuka kwa uwiano peke yake si kosa. Muda wa ziada ukiongezeka katika msimu wa mizigo mingi, uwiano utashuka na kila kitu kitakuwa sawa. Ila muda wa ziada hupanda na kushuka. Haupandi mwezi mmoja na kubaki palepale miezi tisa. Ongezeko la 5,760,000 linalojirudia bila kubadilika ni dalili ya malipo ya kudumu. Hati za mishahara za Machi na Aprili zikiwekwa pamoja zinaonyesha mstari mpya: posho ya makazi, 90,000 kwa mwezi, kwa wafanyakazi 64. Barua za ofisa utumishi zinaitaja kuwa ya kila mwezi, bila sharti lolote, kwa hiyo ni ya kudumu. Lakini aliyeisajili kwenye mfumo wa mishahara aliiacha bila alama ya kukatwa mchango, kwa sababu mfumo huo huweka kila posho mpya nje ya msingi mpaka mtu aubadilishe kwa mkono.

Hesabu ya upungufu ni fupi. 64 mara 90,000 ni 5,760,000 kwa mwezi. Asilimia 20 yake ni 1,152,000. Kwa miezi 9, Aprili hadi Desemba, ni 10,368,000. Kati ya hizo, sehemu ya mwajiri ni 6,220,800 na ya wafanyakazi ni 4,147,200.

Menejimenti kwa kawaida hujibu kwamba kampuni inadaiwa milioni 6.2 tu, na iliyobaki itakatwa kwenye mishahara ya Januari. Usiikubali kauli hiyo kabla ya kusoma kanuni. Mbele ya mfuko, mwenye wajibu wa kuwasilisha asilimia zote 20 ni mwajiri, na mara nyingi sheria humzuia mwajiri kumkata mfanyakazi makato ya nyuma ambayo hakuyakata kwa wakati. Kwa hiyo deni linaingizwa lote, 10,368,000. Haki ya kurudishiwa sehemu ya wafanyakazi huandikwa kama mali endapo tu sheria inairuhusu na kuna uhakika wa kuipata. Katika kisa hiki haikuruhusiwa, na gharama yote ikabaki kwa kampuni.

Tarehe iliyo kwenye daftari si tarehe ya kufika

Kwenye daftari la fedha, mchango wa Oktoba umeandikwa kulipwa tarehe 14 Novemba, siku moja kabla ya ukomo. Taarifa ya benki inaonyesha fedha ilitoka tarehe 22. Hati ya malipo iliandaliwa na kusainiwa kwa wakati, ikaingizwa kwenye daftari, halafu ikakaa mezani kwa sababu akaunti haikuwa na fedha ya kutosha. Mkaguzi akijaribu tarehe ya hati ya malipo, mwezi huo unapita. Tarehe inayohusika ni ile mfuko ulipopokea, nayo inapatikana kwenye stakabadhi ya mfuko au kwenye taarifa ya mwajiri inayotolewa na mfuko. Kwa Oktoba, kuchelewa kwa siku saba ni mwezi mmoja wa adhabu: 840,000.

Mchango wa Novemba ulipaswa kufika tarehe 15 Desemba, ukalipwa tarehe 29 Januari. Hapa ukomo wa mwaka unakata adhabu vipande viwili. Kipindi cha kwanza, kuanzia 16 Desemba, kilikuwa kimeshaanza kabla ya kufunga hesabu, na kwa kuwa sehemu ya mwezi ni mwezi mzima, 840,000 ni gharama ya 2023. Kipindi cha pili kilianza 16 Januari, hivyo ni gharama ya mwaka unaofuata, hata kama mfuko umeandika vyote viwili kwenye ankara moja.

Posho ya makazi nayo ina adhabu yake. Mchango wa Aprili, ambao ulipaswa kufika 15 Mei, umeshakusanya miezi 8 ya adhabu ifikapo 31 Desemba. Wa Mei miezi 7, na kuendelea hivyo hadi Novemba wenye mwezi 1. Jumla ni miezi 36. Asilimia 5 ya 1,152,000 ni 57,600, mara 36 ni 2,073,600. Ukiongeza Oktoba na Novemba, adhabu yote ni 3,753,600. Kampuni haikuandika hata shilingi moja ya adhabu, kwa hoja kwamba mfuko haujatuma madai. Adhabu inayozaliwa na kanuni haisubiri barua ya madai. Kama kampuni inatarajia kusamehewa, msamaha utaandikwa siku utakapotolewa.

Sehemu ya wafanyakazi katika michango iliyochelewa inahitaji ukurasa wake. Mfanyakazi alishakatwa asilimia 8 mwishoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Novemba, na fedha hiyo ikatumika kuendesha shughuli za kampuni. Katika sheria nyingi, kukata mchango na kutouwasilisha ni kosa la jinai, mbali na adhabu ya fedha. Ndiyo maana jambo hili halibaki ndani ya mahesabu ya adhabu. Linapelekwa kwa bodi kama suala la kutofuata sheria, chini ya ISA 250, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kuhusu sheria na kanuni, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Fedha imefika, mwanachama hajaiona

Jaribio la tatu hurukwa mara nyingi kwa sababu haligusi mizania. Chagua wafanyakazi 25 na uombe taarifa zao za uanachama kutoka kwenye mfuko wenyewe, si nakala kutoka ofisi ya utumishi. Hakikisha sampuli ina walioajiriwa mwaka huu, waliobadilisha majina na waliohama kutoka kwa mwajiri mwingine. Wafanyakazi wa miaka kumi hawatakuonyesha kitu. Kisha linganisha mwezi kwa mwezi na hati zao za mishahara.

Kati ya 25, watatu hawana mchango wowote kwenye taarifa zao. Wote watatu waliajiriwa kuanzia Juni. Mkaguzi alipopanua jaribio kwa kila aliyeajiriwa kuanzia Juni, idadi ilifika 11. Fedha yao ilitoka benki na mfuko uliipokea. Lakini wakati wakisubiri namba za uanachama, aliyeandaa jedwali la michango aliweka namba za vitambulisho vyao kwenye safu ya namba ya mwanachama. Mfuko ukapokea jumla, ukashindwa kuigawa kwa watu hao, ukaiweka kwenye akaunti ya michango isiyotambulika. Kila mwezi ulirudisha faili la dosari, likiwataja kwa majina. Faili hilo lilikuwa linaingia kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeacha kazi Mei.

Leja haina kosa hapa. Kampuni haidaiwi kitu. Lakini mmoja wa hao 11 akiumia au kufariki kabla ya marekebisho, familia yake itaambiwa hakuwahi kuchangiwa. Dosari hii inaandikwa kwenye barua kwa menejimenti pamoja na majina na miezi, ili anayerekebisha asianze upya.

Kiinua mgongo: limbikizo la kila mwaka kwa mshahara wa mwaka huo

Mhasibu amekuwa akikokotoa kiinua mgongo kila Desemba: siku zilizochumwa mwaka huo, mara mshahara wa mwaka huo, anaongeza kwenye deni la mwaka uliopita. Njia hii inapendeza kwa macho kwa sababu salio la mwanzo halibadiliki. Lakini mkataba unalipa siku zote kwa mshahara wa mwisho. Kila nyongeza ya mshahara inapandisha thamani ya siku zote zilizokwisha kuchumwa, si za mwaka huo tu.

Chukua mfanyakazi mmoja aliyeanza kazi 1 Julai 2016. Ifikapo 31 Desemba 2023 ana miaka 7.5. Siku zake ni 75 kwa miaka 5 ya mwanzo na 75 kwa miaka 2.5 iliyofuata, jumla 150. Mshahara wake wa msingi sasa ni 600,000, yaani 20,000 kwa siku. Anastahili 3,000,000.

Kwenye vitabu, miaka 3 ya mwanzo ilikokotolewa kwa mshahara wa 400,000, na siku 45 zikatoa 600,000. Miaka 2 iliyofuata ni kwa 480,000, na siku 30 zikatoa 480,000. Mwaka wa sita ni kwa 540,000, na siku 30 zikatoa 540,000. Mwaka mmoja na nusu wa mwisho ni kwa 600,000, na siku 45 zikatoa 900,000. Jumla ni 2,520,000. Upungufu ni 480,000, asilimia 16 ya anachostahili, na hakuna mstari hata mmoja ndani ya hesabu hiyo wenye kosa la kuzidisha.

Mkaguzi anakokotoa upya kwa wafanyakazi wote, kwa kuwa lahajedwali haichoki. Tarehe za kuajiriwa zinatoka kwenye mikataba na mishahara inatoka kwenye barua za nyongeza, si kwenye jedwali la mhasibu. Kisanduku B1 kina tarehe ya kufunga hesabu, C ni tarehe ya kuanza kazi, D ni siku za likizo bila malipo ambazo mkataba hauzihesabu, E ni mshahara wa msingi wa sasa, H ni miaka ya utumishi, na I ni kiasi cha kiinua mgongo:

```
H2: =($B$1-C2+1-D2)/365.25
I2: =(MIN(H2,5)*15+MAX(H2-5,0)*30)*E2/30
```

Kwa mfanyakazi wa hapo juu fomula itatoa elfu moja hivi zaidi ya 3,000,000, kwa sababu inahesabu siku badala ya nusu mwaka. Tofauti ya aina hiyo usiihangaikie. Safu ya D ndiyo ya kuangalia: ikiwa yote ni sifuri kwenye kampuni ya watu 180, uliza rejesta ya likizo iko wapi.

Katika kisa hiki makosa yalikuwa matatu, na ni vizuri kuyarekebisha moja baada ya jingine ili ijulikane kila moja lina uzito gani. Kutotumia mshahara wa sasa kulipunguza deni kwa 27,100,000. Wafanyakazi 52 wenye utumishi chini ya miaka 3 hawakuhesabiwa kabisa. Na wanne walioondoka na kulipwa mwaka huo walikuwa bado wamo, 3,500,000.

Kosa la pili ndilo linalozua ubishi. Menejimenti inasema asiyetimiza miaka 3 hana haki, basi hakuna deni. IAS 19, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu mafao ya wafanyakazi, haikubaliani: deni linaanza kujengeka mtu anapofanya kazi, na uwezekano wa kuondoka kabla ya kutimiza sharti huingizwa kwenye ukokotoaji wa kiasi. Kwa hiyo swali ni wangapi watafika. Siku walizochuma hao 52 zina thamani ya 18,400,000. Kumbukumbu za walioajiriwa na kuondoka miaka ya nyuma zinaonyesha karibu asilimia 70 hufika mwaka wa tatu, na deni linakuwa karibu 12,900,000. Kumbukumbu hizo zikaguliwe zenyewe. Asilimia iliyoandikwa tu kwenye barua pepe haitoshi.

27,100,000 jumlisha 12,900,000, toa 3,500,000, ni 36,500,000. Deni sahihi kwa njia hii ni 248,900,000.

"Kwa njia hii", kwa sababu fomula hiyo inadhani kila mtu anaondoka leo. IAS 19 inataka makadirio ya mshahara wa siku ya kuondoka, yarudishwe kwenye thamani ya sasa kwa kiwango cha punguzo, na kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na mtakwimu bima. Mkaguzi anaweza kupima kama tofauti ni kubwa kwa kumtumia mfanyakazi yuleyule. Tuseme ataondoka baada ya miaka 5, mishahara ikipanda asilimia 5 kwa mwaka na punguzo likiwa asilimia 9. Ile 3,000,000 inazidishwa kwa (1.05/1.09)^5, karibu 0.83, na kushuka hadi karibu 2,490,000. Menejimenti itafurahi na kutaka kuishia hapo. Lakini mafao haya yanaongezeka katika miaka ya baadaye, siku 15 kisha 30, na katika hali hiyo IAS 19 inataka mafao yagawanywe sawasawa kwa miaka yote ya utumishi. Kwa miaka 12.5 atakuwa na siku 300; sehemu ya miaka 7.5 ni siku 180, si 150. Hiyo ni 3,600,000 mara 0.83, karibu 2,990,000. Nguvu mbili zinazovutana zimeturudisha karibu palepale kwa mfanyakazi huyu. Kwa mwenye miaka 2 au 15 hazitalingana hivi, kwa hiyo jaribio lirudiwe kwa makundi ya umri wa utumishi kabla ya kuamua kama njia rahisi inavumilika.

Linabaki swali la mwaka upi ubebe 36,500,000. Kuzirusha zote kwenye gharama za 2023 ni rahisi na si sahihi. Mikataba na barua za mishahara zilikuwepo wakati wote, kwa hiyo hili ni kosa na si badiliko la makadirio. Badilisha B1 iwe 31 Desemba 2022, weka mishahara ya siku hiyo, kokotoa tena: upungufu ulikuwa tayari 24,000,000. Kwa kuwa kiasi hicho kinabadilisha picha ya hesabu, kinarekebishwa kwenye faida iliyolimbikizwa ya mwanzo na takwimu linganifu zinaandikwa upya, kama IAS 8, kiwango kinachohusu kurekebisha makosa ya miaka ya nyuma, inavyotaka. Mwaka 2023 unabeba 12,500,000 iliyobaki.

Kwenye upande wa michango, marekebisho ni majedwali 9 ya nyongeza, moja kwa kila mwezi, si malipo ya jumla moja. Mfuko ukipokea 10,368,000 kwa jedwali la mwezi mmoja, utazihesabu kama mchango wa mwezi huo, na mafao yanayotegemea miezi ya uchangiaji au wastani wa mshahara yatapotoka. Kabla ya kuyatuma, linganisha majina ya wale 64 na orodha ya mishahara ya sasa. Wawili waliondoka Januari na hawamo tena kwenye mfumo wa mishahara, hivyo majedwali yaliyotolewa moja kwa moja kwenye mfumo yatakuwa na watu 62. Mchango wao wa miezi 9, 324,000 kwa wote wawili, lazima uingizwe kwa mkono kwa namba zao za uanachama.